Ankara za zamani zisizolipwa: namna ya kuziingiza kwenye programu bila kuuza mara ya pili

*Swali: Tuna duka la vifaa vya ujenzi Dodoma, tumesajiliwa VAT. Miaka yote tulikuwa tunaandika kwenye madaftari, Januari hii ya 2026 ndiyo tumeanza QuickBooks Desktop. Wateja wengi tunawadai, wengine tangu 2024. Je, niandike jumla ya deni la kila mteja au niingize ankara moja moja? Nilijaribu kuingiza tatu, nikaona mauzo ya Januari yamepanda na VAT imekuja tena.*

Ndugu yangu, ingiza ankara moja moja, ila zile tu ambazo hadi mwisho wa tarehe 31 Desemba 2025 zilikuwa hazijamalizwa kulipwa. Namba na tarehe ziwe zile zile za kwenye karatasi, na kiasi kiwe kile kilichobaki, si kile cha awali. Upande wa pili wa hesabu usiende kwenye mauzo, na VAT usiiguse. Hapo kwenye mauzo na VAT ndipo zile ankara zako tatu zilipokwama, kwa hiyo nianzie hapo.

Ankara ya Agosti ilipotoka, mambo matatu yalitokea siku hiyo hiyo: mauzo yalihesabika, VAT ya asilimia 18 ikaingia kwenye ritani ya Agosti, na mzigo ukatoka stoo. Yote hayo yamekwisha na yapo kwenye hesabu za 2025. Kilichovuka kuja 2026 ni deni peke yake, yaani haki yako ya kulipwa. Ukiiandika ankara hiyo kama unavyoandika ankara ya leo, ukachagua saruji au mabati kwenye orodha ya bidhaa, programu haina namna ya kujua kuwa ni jambo la zamani. Itahesabu mauzo upya, itadai VAT upya, na itapunguza saruji ambayo haipo stoo tangu mwaka jana. Ukitazama hesabu ya bidhaa baada ya zile ankara tatu, huenda utakuta baadhi zimeshuka chini ya sifuri.

Kabla ya kuendelea, hakikisha jambo moja. Maduka mengi yanayotumia daftari huandika mauzo siku pesa inapoingia, si siku mzigo unapotoka. Kwa kuwa mmesajiliwa VAT, ankara zenu zilipaswa kutoka na risiti ya EFD siku ya mauzo, na kama ilitoka basi mauzo hayo yapo kwenye ritani. Chukua kila ankara na uiambatanishe na risiti yake. Ukikuta iliyotoka bila risiti, iweke pembeni. Hiyo si salio la kuanzia. Ni mauzo ambayo hayajatangazwa, na dawa yake ni kurekebisha ritani ya mwezi ule pamoja na mhasibu wako. Ukiipitisha kwenye salio la kuanzia itakuwa pato lililokwepa kodi, na mkaguzi akilinganisha namba za ankara na kumbukumbu za mashine ataiona.

Sasa maandalizi ndani ya programu. QuickBooks ina akaunti iitwayo Opening Balance Equity, ambayo ni akaunti ya mtaji wa muda. Kazi yake ni kupokea upande wa pili wa kila salio unaloanza nalo, kisha mwishoni inabaki sifuri. Nenda kwenye Item List, tengeneza kitu kipya cha aina ya Service, kiite SALIO-ANZIA, na kwenye Account chagua Opening Balance Equity badala ya akaunti ya mapato. Ikikuuliza kama una uhakika, kubali. Kwenye kodi, chagua msimbo usioingia kwenye ritani kabisa. Watu wengi hukosea hapa kwa kuchagua ule wa bidhaa zilizosamehewa au wa asilimia sifuri, wakidhani kwa kuwa kodi inatoka sifuri basi hakuna shida. Shida ipo: kiasi chote cha ankara kitaonekana kwenye ritani ya VAT kama mauzo yaliyosamehewa, nawe hujauza kitu cha namna hiyo.

Kuna mlango mwingine unaovutia kwa wepesi wake, nao ni kile kisanduku cha Opening Balance kinachotokea unapomfungulia mteja ukurasa wake. Usikitumie. Katika QuickBooks Desktop ukijaza kiasi pale, programu hutengeneza ankara moja ya jumla na kupeleka upande wa pili kwenye akaunti ya mapato iitwayo Uncategorized Income. Unarudi kule kule kwenye mauzo hewa, na zaidi ya hapo umepoteza ankara zako zote ndani ya namba moja.

Kwa nini nasisitiza ankara moja moja? Tumchukue mteja mmoja, mkandarasi, ambaye ukurasa wake kwenye daftari unasomeka hivi. Ankara namba 2208 ya tarehe 14 Agosti 2025, shilingi 3,540,000. Namba 2251 ya 9 Septemba, 1,180,000. Namba 2330 ya 20 Novemba, 2,360,000. Zote zina VAT ndani yake, na masharti ni kulipa ndani ya siku 30. Alileta 2,000,000 tarehe 30 Septemba bila kusema ni za ankara ipi, na 1,000,000 tarehe 1 Desemba akisema wazi ni za 2330. Chini ya ukurasa pameandikwa: baki 4,080,000.

Daftari hapo limekupa jibu la kweli lakini halijitoshelezi, kwa sababu halisemi 4,080,000 hizo ni za ankara zipi. Milioni moja ya Desemba haina utata, inaingia kwenye 2330. Zile milioni mbili za Septemba ndizo za kuamuliwa. Kwanza muulize mteja mwenyewe, kwani huenda hati yake ya malipo inataja ankara. Asipojua, zipeleke kwenye ankara ya zamani zaidi, na ufuate utaratibu huo huo kwa wateja wote. Matokeo yake ni haya:

2208 ya 14 Agosti: imebaki 1,540,000
2251 ya 9 Septemba: imebaki 1,180,000
2330 ya 20 Novemba: imebaki 1,360,000

Jumla ni 4,080,000, sawasawa na daftari. Haya ndiyo mambo matatu utakayoingiza kwa mteja huyu. Fungua Create Invoices, chagua mteja, kwenye Date weka 14/08/2025, kwenye Invoice # andika 2208, kwenye masharti weka siku 30 ili tarehe ya mwisho ya kulipa iwe 13 Septemba 2025. Mstari uwe mmoja tu: SALIO-ANZIA, 1,540,000. Kwenye maelezo andika kitu kama "Ankara halisi 3,540,000, ililipwa 2,000,000 tarehe 30/09/2025", maana siku mteja akibisha hutahitaji kwenda kutafuta daftari kabatini.

Kiasi unachoingiza ni pamoja na VAT, kwa kuwa mteja anadaiwa yote. Usiichambue. VAT ya ankara ile ama umeshailipa ama imo kwenye deni lako kwa TRA, na deni hilo linaingizwa kwa mlango wake, nitaufikia.

Wapo watakaokushauri uingize ankara nzima ya 3,540,000 halafu uingize malipo ya 2,000,000 ili historia ikamilike. Ukifanya hivyo, zile milioni mbili zitaingia benki mara ya pili, kwa sababu salio la benki utakaloanza nalo tayari limezimeza. Ingiza baki tu.

Tazama sasa unachopata. Ukitoa ripoti ya A/R Aging Detail ya tarehe 31 Desemba 2025, ankara 2208 imechelewa siku 109, ya 2251 siku 83, na ya 2330 siku 11. Unajua nani wa kupigiwa simu na kwa ankara ipi. Kama ungeandika 4,080,000 kwa tarehe 31 Desemba, ripoti hiyo hiyo ingekuonyesha mteja mwema asiye na deni lililochelewa hata siku moja. Na Februari akileta 1,180,000 akisema "hii ya 2251", unafungua Receive Payments, unaweka alama kwenye 2251, imefutika. Kwenye lile deni la jumla ungekuwa unamega tu, na baada ya miezi michache wewe na yeye mngekuwa na hesabu mbili.

Kuhusu namba, kuna jambo la vitabu vya ankara vya kununua dukani. Vingi huanza 001 hadi 050, kisha kitabu kinachofuata kinaanza tena 001. Kama vyenu ni hivyo, weka namba ya kitabu mbele, mfano K7-032, la sivyo utakuwa na ankara mbili za 032. Na mfululizo wa ankara mpya za 2026 uanze mbali, ili usije ukagongana na wa zamani.

Sasa kitu ambacho kwa duka linalouzia serikali hakikosekani. Utakuta kwenye daftari ukurasa wa halmashauri wenye baki dogo lisiloisha. Chukulia ankara ya Machi 2025 ya 2,360,000, yaani bidhaa za 2,000,000 na VAT 360,000. Halmashauri ililipa Mei, lakini benki iliingia 2,320,000. Daftari linaonyesha bado 40,000, na kila mwezi mtu anaibeba mbele. Hilo si deni la halmashauri. Ni kodi ya zuio, asilimia 2 ya 2,000,000, ambayo mnunuzi wa serikali hukata anaponunua bidhaa na kuipeleka TRA kwa jina lako. Ukiiingiza kama ankara isiyolipwa utamdai mtu ambaye hadaiwi, na kodi yako mwenyewe utaisahau. Tafuta cheti cha zuio, na zile 40,000 ziingie kwenye akaunti ya mali ya kodi ya zuio iliyokatwa. Kwenye orodha ya ankara, halmashauri haina kitu. Pitia mabaki yote madogo ya taasisi za serikali kwa jicho hilo. Mengi yatakuwa ya namna hii. Cheti kisipopatikana, kiombe sasa kabla mhasibu wao hajahamishwa.

Ukimaliza kuandaa orodha ya wateja wote kwenye karatasi au Excel, ijumlishe na uilinganishe na jumla ya wadaiwa kwenye urari wa 31 Desemba kabla hujaingiza hata moja. Baada ya kuingiza, linganisha tena orodha na jumla ya A/R Aging. Zisipooana, tazama tofauti yenyewe. Ikigawanyika kwa 9 bila baki, kuna uwezekano mkubwa umegeuza tarakimu mahali: ukiandika 1,450,000 badala ya 1,540,000 tofauti inakuwa 90,000. Ikiwa sawa kabisa na ankara moja, umeiruka au umeirudia. Ikiwa ni mara mbili ya kiasi fulani, kuna mteja aliyelipa zaidi na umemweka upande wa wanaodaiwa. Mteja wa hivyo, aliyetanguliza pesa, muingize kwa Create Credit Memos akiwa na kitu kile kile cha SALIO-ANZIA. Usimkate kwenye deni la mtu mwingine.

Tukitoka kwa wadaiwa, ona jinsi wanavyokaa ndani ya hesabu nzima, kwa sababu hapa ndipo deni huingia mara mbili. Tuseme urari wako wa 31 Desemba una wadaiwa 23,600,000, benki 6,200,000, fedha taslimu 800,000, bidhaa 31,000,000 na kodi ya zuio 40,000. Mali zote ni 61,640,000. Upande wa pili unadaiwa na wauzaji 12,500,000, VAT ya Desemba 1,140,000 na mkopo 8,000,000, jumla 21,640,000. Mtaji wa kweli basi ni 40,000,000.

Ankara za wateja ukizimaliza, Opening Balance Equity itakuwa na krediti ya 23,600,000. Ankara za wauzaji wako, ambazo nazo utaziingiza moja moja kwa njia hii hii, zitaipunguza kwa 12,500,000. Kisha unaandika jarida la tarehe 31 Desemba kwa vitu vilivyobaki tu: debiti benki, taslimu, bidhaa na zuio, jumla 38,040,000, krediti VAT na mkopo, jumla 9,140,000, na tofauti ya 28,900,000 iende krediti kwenye Opening Balance Equity. Wadaiwa na wauzaji hawamo kwenye jarida hili, kwa sababu ankara zao zimeshawaleta. Ukiwatia na humu, wadaiwa watakuwa 47,200,000. Kwa kweli QuickBooks Desktop yenyewe hairuhusu zaidi ya mstari mmoja wa wadaiwa au wadai kwenye jarida moja, na ikikugomea hapo ujue umepita njia isiyo yake.

Jumlisha: 23,600,000 kutoa 12,500,000 kuongeza 28,900,000 ni 40,000,000. Ndiyo mtaji ule ule. Hamisha kiasi hicho kutoka Opening Balance Equity kwenda akaunti ya mtaji wa mwenye biashara au faida iliyolimbikizwa, na ile ya muda ibaki sifuri. Ikibaki na shilingi yoyote, kuna kitu hujaingiza au umekirudia. Usiisukume kwenye mtaji ili tu ipotee.

Ile VAT ya 1,140,000 ndiyo mlango niliouahidi. Ni deni la Desemba unalolilipa kwa ritani ya tarehe 20 Januari. Utakapolipa, malipo yanafuta deni hilo, na ritani ya Januari inabaki na mauzo ya Januari peke yake.

Zile ankara tatu ulizokwisha kuingiza, kama ritani ya Januari bado hujaipeleka, zifungue moja moja, badilisha bidhaa ziwe SALIO-ANZIA, badilisha msimbo wa kodi, rudisha tarehe halisi na uweke kiasi kilichobaki. Usizirekebishe kwa hati ya krediti, maana hiyo itaacha mauzo ya uongo Januari na marejesho ya uongo juu yake, na yote mawili yatatokea kwenye ritani. Jambo la haraka zaidi ni hili: kama programu yenu imeunganishwa na VFD, yaani ile mashine ya risiti iliyo ndani ya kompyuta, zima muunganisho huo kabla hujaendelea. Ikiwa wazi, kila ankara ya zamani utakayohifadhi inaweza kupelekwa TRA kama mauzo mapya. Angalia leo kama zile tatu zilitoka, na kama zilitoka, wasiliana na ofisi yenu ya TRA kabla ya tarehe 20 Februari. Vivyo hivyo mkandarasi akilipa deni la Agosti, keshia asimtolee risiti nyingine ya EFD. Ya mauzo yale ilishatoka Agosti. Mpe stakabadhi ya malipo ya kawaida.

Bila shaka wapo waliokwisha kulipa mwezi huu kabla hujaingiza deni lao. Ankara zao bado zinaingia, kwa kuwa tarehe 31 Desemba zilikuwa wazi, kisha malipo yao unayapokea kwa tarehe yake ya Januari. Na hundi uliyopokea 30 Desemba ukaipeleka benki 2 Januari, hiyo daftari limeshaipunguza kwa mteja, kwa hiyo ihesabu kama fedha iliyo mkononi mwisho wa mwaka.

Madeni ya 2024 ambayo moyoni umeshakata tamaa nayo, yaingize yote kwa kiasi chake kamili. Usiyaache kwenye daftari. Yasipokuwamo, jumla haitaoana na urari na mtaji utapungua bila maelezo. Yakishaingia, tenga akiba ya madeni yenye shaka kwa jarida la tarehe uliyoamua, na siku utakapofuta deni kabisa utakuwa na namba ya ankara, tarehe yake na kumbukumbu za kudai. Bila hivyo ni vigumu kumshawishi mkaguzi wa kodi kwamba deni lilikuwepo na lilifuatiliwa.

Kabla ya kufunga kazi, tuma kila mteja taarifa ya hesabu yake kutoka kwenye programu, hata kwa WhatsApp, ukimuomba athibitishe baki la 31 Desemba ankara kwa ankara. Wape wiki mbili. Kuna watakaokutumia picha ya stakabadhi ambayo daftari lenu halikuiandika, na ni nafuu kuirekebisha sasa wakati salio la kuanzia bado lipo wazi. Baada ya hapo weka Closing Date ya 31/12/2025 yenye nywila, ili asiwepo wa kugusa ankara hizo bila wewe kujua.